Orodha ya bei inayojibadilisha reti ikibadilika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Excel

Maswali haya ni ya wenye maduka wanaonunua mzigo kwa dola na kuuza kwa shilingi. Mfano unaotumika kote ni wa duka la vifaa vya simu Kariakoo lenye bidhaa sita. Reti ya 2,600 na bei zote ni za mfano tu, kwa hiyo weka za kwako. Majina ya menyu yameandikwa kama yanavyosomeka kwenye Excel ya Kiingereza, maana ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi.

Shiti naipangaje tangu mwanzo?

Kanuni ni moja: kila namba inayoweza kubadilika ikae kwenye seli yake peke yake, juu ya shiti, na isiandikwe tena mahali pengine popote. Ukiandika `=B7*2600` umeshaharibu, kwa sababu dola ikipanda utalazimika kuitafuta hiyo 2600 katika kila mstari, na lazima kuna mmoja utausahau.

Kwa hiyo juu kabisa panga hivi. A1 andika "Reti ya dola", na B1 weka 2600. A2 andika "Tarehe ya reti", na B2 weka tarehe, tuseme 2 Juni 2025. A3 andika "Gharama za kufikisha", yaani usafiri, ushuru na wakala wa kutoa mzigo bandarini, na B3 weka 20%. A4 andika "Faida", na B4 weka 25%. Usisahau ile alama ya asilimia. Ukiandika 20 tupu kwenye seli ya kawaida, Excel itaisoma kama ishirini nzima, na chaja yako itatoka na bei ya zaidi ya shilingi 300,000.

Mstari wa 5 uache wazi. Mstari wa 6 ni wa vichwa: Bidhaa, Dola, Shilingi, Kabla ya kupandisha, Bei ya kuuza. Bidhaa zinaanzia mstari wa 7: chaja 4.50, waya wa chaji 0.80, spika ndogo 12.00, powabanki 7.25, kioo cha kulinda skrini 0.35, kava 1.10. Kwenye safu ya dola andika namba tupu, bila alama wala neno.

Halafu fomula za mstari wa 7, moja moja, kuanzia C7 hadi E7:

```
=B7*$B$1
=C7*(1+$B$3)*(1+$B$4)
=CEILING(D7,IF(D7<5000,100,500))
```

Chagua seli hizo tatu, shika kile kinukta cha pembeni chini kulia, buruta hadi mstari wa 12. Chaja inatoka hivi: 4.50 mara 2,600 ni 11,700. Ukiongeza gharama inakuwa 14,040, ukiongeza faida inakuwa 17,550, na bei ya kuuza, ikipandishwa hadi mia tano inayofuata, ni 18,000. Sasa andika 2680 kwenye B1 ubonyeze Enter. Chaja inaruka hadi 18,500, spika inatoka 47,000 kwenda 48,500, powabanki inatoka 28,500 kwenda 29,500, na hukugusa chochote kingine.

Angalia pia kwamba asilimia 25 hapa ni juu ya gharama. Si robo ya bei ya kuuza. Wengi huchanganya hapo, kisha mwisho wa mwezi wanashangaa faida imeenda wapi.

Mstari wa kwanza uko sawa, lakini ya chini inaleta vichekesho. Kwa nini?

Umesahau alama za dola ndani ya fomula. Hapo `$` haina uhusiano wowote na fedha, ni msumari unaoigongomea seli isihame. Ukiburuta fomula kwenda chini, Excel inasogeza kila kitu chini pamoja nayo: B7 inakuwa B8, jambo unalolitaka, lakini na B1 nayo inakuwa B2, jambo usilolitaka.

Kwenye shiti yetu kosa hili lina sura yake, na ukishaiona mara moja utaitambua siku zote. Tuseme C7 uliandika `=B7*B1`. Chaja iko sawa, 11,700. Waya kwenye mstari wa 8 unazidishwa kwa B2, ambayo ni tarehe. Excel huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku, na 2 Juni 2025 kwake ni 45810, kwa hiyo waya wa senti 80 unasoma 36,648. Spika inazidishwa kwa ile asilimia 20 na kuwa 2.4. Powabanki inazidishwa kwa asilimia 25 na kuwa 1.8125. Kioo kinazidishwa kwa mstari ulio wazi na kuwa 0. Kava linazidishwa kwa neno "Dola" la kichwa cha safu na kuleta `#VALUE!`.

Ukiona mfululizo wa namna hiyo, usirekebishe mstari mmoja mmoja. Rudi kwenye seli ya juu, bofya ndani ya fomula pale penye B1, bonyeza F4, na Excel itaandika `$B$1` yenyewe. Kwenye laptopu nyingi ni Fn pamoja na F4. Kwenye simu hakuna F4, andika `$` kwa mkono. Kisha buruta upya.

Anayechoshwa na hizi alama anaweza kuipa seli jina. Bofya B1, nenda kwenye kisanduku kidogo kilicho juu ya A upande wa kushoto, kile kinachosomeka B1, andika `RETI` ubonyeze Enter. Kuanzia hapo fomula ni `=B7*RETI` na haihami popote. Mimi napendelea njia hii kwa shiti itakayosomwa na mtu mwingine.

Niweke reti ipi, ya kununua au ya kuuza?

Kama wewe ndiye unayekwenda benki kutafuta dola za kulipia mzigo, reti yako ni ile ambayo benki inauza. "Kununua" na "kuuza" kwenye ubao vinasemwa kwa upande wa benki au duka la fedha, na siku zote ya kuuza ndiyo kubwa zaidi. Tuseme ubao unasoma 2,560 na 2,600. Ukiweka 2,560 kwenye shiti halafu ukanunua dola 5,000 kwa 2,600, umepanga bei zako ukiwa na upungufu wa shilingi 200,000, na hakuna fomula itakayokuonyesha hilo.

Benki Kuu ya Tanzania hutoa viwango vyake kila siku ya kazi, na ni vizuri kuvitazama ili ujue soko linaelekea wapi. Lakini kinachoingia B1 ni kile ulichotozwa kweli, pamoja na makato ya kutuma fedha ukitaka kuwa makini zaidi.

Nizidishe au nigawanye?

Kama reti yako inasema dola moja ni shilingi kadhaa, kutoka dola kwenda shilingi ni kuzidisha, na kurudi kwenye dola ni kugawanya: `=C7/$B$1`. Ukigeuza, chaja itasoma 0.0017 kwenye safu ya C na utajua papo hapo. Mtego uko kwenye sarafu zinazokaribiana thamani, kwa sababu hapo kosa halipigi kelele. Jaribu kwa bidhaa ya dola 1: shilingi zake lazima zilingane na reti.

Nimeandika reti vizuri lakini safu nzima inasoma #VALUE!

Karibu kila mara ni kwamba B1 si namba tena, ni maandishi. Umeandika `2,600/=` au `Tsh 2600`, kama tulivyozoea kwenye risiti. Kwa macho ni namba, kwa Excel ni neno, na neno halizidishwi. Dalili yake ni kwamba maandishi hukaa upande wa kushoto wa seli, na namba hukaa kulia, isipokuwa kama mtu amezipanga upya kwa mkono. Ukitaka uhakika, andika kwenye seli yoyote tupu:

```
=ISNUMBER(B1)
```

Ikijibu `FALSE`, futa B1 na uandike 2600 tupu.

Kama unapenda ile `/=` ionekane, usiiandike. Ivalishe seli. Bonyeza Ctrl na 1, chagua Custom, na kwenye Type andika `#,##0"/="`. Seli itaonyesha 2,600/= huku ndani ikibaki 2600.

Ugonjwa huohuo hushika safu ya dola unapobandika orodha uliyotumiwa na muuzaji kwa WhatsApp au WeChat. Inakuja na `US$4.50` au `4.50/pc`. Chagua safu B, bonyeza Ctrl na H, weka `US$` kwenye Find what, acha Replace with wazi, bonyeza Replace All. Rudia kwa `/pc`. Zikibaki zimeganda kushoto, kuna nafasi iliyojificha mbele au nyuma ya namba, na kwa orodha fupi ni haraka zaidi kuziandika upya kuliko kuiwinda.

Nabadilisha reti na hakuna kinachosogea

Anza kwa kubofya seli moja ya safu ya C na utazame ule mstari wa fomula juu. Kama unaona 11700 badala ya fomula, basi mtu alinakili akabandika thamani tu, au aliandika bei kwa mkono juu ya fomula. Ctrl pamoja na ile alama `` ` `` iliyo chini ya Esc huonyesha fomula zote kwa mpigo. Seli zitakazobaki na namba tupu ndizo zilizoharibiwa. Ibonyeze tena kurudi.

Kama fomula zipo, tazama Formulas, kisha Calculation Options. Inatakiwa kuwa Automatic. Ikiwa Manual, Excel inasubiri ubonyeze F9 ndipo ihesabu. Wengi huapa kwamba hawajawahi kugusa hapo, na ni kweli: Excel huchukua mpangilio huo kutoka kwenye faili la kwanza ulilofungua. Ukianza asubuhi na faili la mhasibu lililowekwa Manual, na lako litakalofuata litakuwa Manual.

Kuna hali ya tatu ambayo si ugonjwa. Reti ikitoka 2,600 kwenda 2,605, kava linatoka 4,290 kwenda 4,298.25 kwenye safu ya D, lakini bei ya kuuza inabaki 4,300 kwa sababu imepandishwa. Ndiyo maana tuliacha safu ya D ionekane: hapo utaona hesabu inasogea hata bei ikitulia.

Kwa nini kupandisha hadi mia kwa bidhaa moja na mia tano kwa nyingine?

Kwa sababu mia tano ni kitu kidogo kwenye spika na ni kitu kikubwa kwenye waya. Spika inagharimu 46,800 kabla ya kupandishwa, na ukiipeleka 47,000 umeongeza 200, hata nusu asilimia haifiki. Waya unagharimu 3,120. Ukiupandisha hadi 3,500 umeongeza 380, zaidi ya asilimia 12, juu ya faida uliyokwisha kuihesabu. Duka la jirani litauza 3,200, na mteja wa waya ndiye yuleyule ambaye angenunua na kava.

`CEILING` hupandisha siku zote, haishushi kamwe. Namba ya pili ndani yake ni hatua. Kwa hiyo fomula yetu inasema: ikiwa bei iko chini ya 5,000, panda kwa hatua ya mia, la sivyo kwa hatua ya mia tano. Waya unakuwa 3,200, kioo kinatoka 1,365 kwenda 1,400. Kama unaona heri kwenda kwenye hatua iliyo karibu zaidi, hata kama ni chini, tumia `MROUND` badala yake. Spika bado itakuwa 47,000, lakini chaja itatoka 17,550 kushuka hadi 17,500. Kwa rejareja nachagua `CEILING`. Kwa jumla, ambako mtu anachukua chaja mia mbili, ile tofauti ya 500 itakupotezea mteja.

Ukifanya biashara Kenya, mpangilio ni uleule ila hatua za mia hazina maana. Weka 5 na 10, na mpaka ushushe kulingana na bei zako.

Mzigo ulioko dukani niliununua kwa reti ya zamani. Bei yake nayo ipande?

Hili ni swali la biashara zaidi kuliko la Excel, na wafanyabiashara hawakubaliani. Anayesema ipande anafikiria mzigo ujao: ukiuza chaja kwa hesabu ya 2,600 na ukaenda kununua nyingine kwa 2,680, fedha ileile inakuletea chaja chache. Anayesema isipande anafikiria jirani ambaye bado ana bei ya jana.

Shiti inaweza kukuonyesha pande zote mbili bila kukuamulia. Ongeza safu ya F yenye kichwa "Reti ya mzigo" na uandike humo, kwa kila bidhaa, reti uliyonunulia. Safu ya G weka gharama halisi ya mzigo ulionao:

```
=B7*F7*(1+$B$3)
```

Kwa chaja iliyonunuliwa kwa reti ya 2,600, G ni 14,040. Dola ikifika 2,680 bei ya kuuza inasema 18,500. Sasa unajua kwamba ukimpunguzia mteja hadi 18,000 bado una 3,960 juu ya gharama uliyolipa, lakini gharama ya kuirudisha hiyo chaja rafuni ni 14,472. Safu ya F ni namba za kuandika kwa mkono. Usiiunganishe na B1, vinginevyo nayo itabadilika na maana yake imekwisha.

Nilimpa mteja proforma wiki iliyopita. Leo nikifungua faili bei ni nyingine!

Ndivyo shiti hii ilivyotengenezwa, na kwa hati uliyokwisha kumpa mtu ni hatari. Proforma isiishi kwenye shiti yenye reti. Ukimaliza kuiandaa, nakili, fungua faili jipya, bofya kulia, Paste Special, chagua Values. Hapo zinabaki namba tu. Au ihifadhi kama PDF na umtumie hiyo.

Kosa lake pacha liko kwenye tarehe. Watu huandika `=TODAY()` kwenye B2 wakidhani wameweka tarehe ya reti. Seli hiyo itasema leo kila siku, hata kama reti ni ya mwezi uliopita. Tumia Ctrl pamoja na alama ya nukta-mkato `;`, inaandika tarehe ya siku hiyo na kuiacha ilivyo.

Niwaonyeshe wateja safu ya dola?

Usiwaonyeshe. Kwanza unaanika bei unayonunulia. Pili, Tanzania kuna Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025, zilizotoka Machi mwaka huo, zinazokataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Orodha inayobandikwa ukutani iwe ya shilingi.

Kuficha safu B hadi D kabla ya kuchapisha kunatosha kwa karatasi, lakini faili lenyewe ukilituma, mteja atazifichua kwa mibofyo miwili. Tengeneza shiti ya pili ndani ya faili hilohilo, iite Bei, na uvute vitu viwili tu: `=Sheet1!A7` na `=Sheet1!E7`. Chapisha hiyo, au itoe kwa PDF.

Bidhaa nyingine nanunua kwa yuani

Weka C1 "Reti ya yuani" na D1 reti yake. Kama dola zako ndizo zinazobadilishwa kuwa yuani huko Guangzhou au Yiwu, D1 iwe fomula, kwa mfano `=B1/7.2`, hivyo dola ikipanda hapa yuani inafuata. Kisha ongeza safu ya H ya sarafu, andika D au Y kwa kila bidhaa, safu ya B ibebe bei kwa sarafu hiyo, na C7 ibadilike kuwa:

```
=B7*IF(H7="Y",$D$1,IF(H7="D",$B$1,NA()))
```

Ile `NA()` ya mwisho ni ya makusudi. Ukisahau kuandika sarafu, mstari unasoma `#N/A` na huwezi kuuza bila kugundua. Bila hiyo, bidhaa ya yuani ingehesabiwa kama dola na bei ingekuwa zaidi ya mara saba. Kama umeweka safu za F na G, kumbuka kwamba F ya bidhaa hiyo sasa ni reti ya yuani.

Reti ijilete yenyewe kutoka mtandaoni, inawezekana?

Inawezekana. Kwenye Google Sheets unaandika `=GOOGLEFINANCE("CURRENCY:USDTZS")` na namba inakuja. Mimi siiweki kwenye B1. Kinachokuja ni kiwango cha katikati, si kile utakachouziwa dola, na bei zinaweza kubadilika mteja akiwa bado anahesabu noti kaunta. Iweke kwenye seli ya pembeni kama ya kutazama, na B1 iandike mwenyewe unapoamua kwamba bei zibadilike.

Nawezaje kumzuia kijana wa dukani asifute fomula?

Seli zote za Excel huwa zimefungwa tangu mwanzo, ila kufuli halifanyi kazi hadi uliwashe. Chagua B1 hadi B4 na safu ya bidhaa na dola, bonyeza Ctrl na 1, kwenye Protection ondoa tiki ya Locked. Halafu nenda Review, Protect Sheet, uweke nywila. Kuanzia hapo anaweza kubadilisha reti na kuongeza bei ya dola, fomula hazigusiki. Nywila hiyo ni ya kuzuia mkono ulioteleza, mwizi haimsumbui.

Kwa B1 yenyewe ongeza kinga nyingine: Data, Data Validation, chagua Decimal, between, 2000 na 3500. Mtu akiandika 260 au 26800 kwa haraka, Excel inamkatalia. Dola ikija kutoka nje ya mipaka hiyo, rudi uipanue.